Kwa nini mahindi hunyauka kwenye mfinyanzi ambao bado una unyevu

"Wakuu, nina ekari moja ya mbuga nyeusi na nyingine ya tifutifu, na mvua ni ileile. Mbugani nikichimba, udongo bado unanata mkononi lakini mahindi yamenyauka. Kwenye tifutifu yako vizuri. Si mfinyanzi ndio unaoshika maji mengi?"

Ndugu, mfinyanzi unashika maji mengi kweli, ila sehemu kubwa ya maji hayo mahindi hayawezi kuyavuta. Nimelima aina hizo mbili mkoani Morogoro, na kabla ya hapo nililima kichanga Kibaha.

Udongo ukilowa kabisa kisha ukaachwa, maji yaliyomo kwenye matundu makubwa hushuka chini kwa uzito wake. Baada ya siku 2 au 3 (kwenye kichanga hata siku moja hutosha) mchuruziko hupungua mno, na maji yanayobaki ndiyo uwezo wa shamba, yaani kikomo cha juu. Kuanzia hapo mizizi huvuta, na kadiri udongo unavyokauka, ndivyo maji yanavyobaki kwenye matundu membamba zaidi, yenye kung'ang'ania zaidi. Mvuto unaohitajika ukifika takriban kilopaskali 1500, ambazo ni karibu mara 15 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka, mimea mingi ya shambani hushindwa. Hicho ndicho kikomo cha mnyauko. Maji yaliyo kati ya vikomo hivi viwili ndiyo pekee ya kuhesabu, na hata hayo hayavutwi kwa urahisi uleule hadi mwisho.

Sasa chukua kina cha mizizi cha sentimita 60 na viwango vya kawaida kwa ujazo. Kichanga hushika asilimia 10 na mmea hunyauka kwenye 4. Zinabaki 6, yaani milimita 36 za maji. Mfinyanzi mzito hushika 40, lakini mmea hunyauka ukiwa bado na 27. Zinabaki 13, sawa na milimita 78. Tifutifu hushika 28 tu na mmea hunyauka kwenye 12, hivyo zinabaki 16, sawa na milimita 96, au lita 96 kwa kila mita ya mraba. Ukigusa mfinyanzi kwa mkono, unagusa pia zile asilimia 27 ambazo mmea haziufai.

Sababu iko kwenye ukubwa wa matundu. Ya kichanga ni mapana, kwa hiyo karibu yote humwaga maji yake mapema. Chembe za mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, na sehemu kubwa ya matundu yake ni nyembamba kuliko maikromita 0.2, ambamo mzizi hauna nguvu ya kunyonya maji. Tifutifu, hasa yenye chembe nyingi za ukubwa wa kati, ina matundu mengi ya kadiri: membamba kiasi cha kuzuia maji yasishuke, mapana kiasi cha kuyaachia mzizi unapovuta.

Mimi niliyajua haya kwa hasara. Kwenye tifutifu nilikuwa nikimwagilia nyanya kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 20, na zilikuwa zikistawi. Nilipohamia kwenye mfinyanzi niliendelea na alama ileile. Kiliposoma 29 nyanya zilikuwa zimelala, nami nikasubiri kwa kuamini kwamba maji yapo. Kilipofika 27, hazikuinuka hata alfajiri. Kulala saa nane mchana pekee si dalili ya kikomo, kwa kuwa mmea unaweza kupoteza maji kwa kasi kuliko unavyoyavuta. Angalia kabla jua halijachomoza.

Ukitaka kikomo cha juu cha shamba lako, mwagilia mita moja ya mraba hadi ilowe kwa kina, ifunike kwa plastiki, kisha baada ya siku 2 au 3 chukua udongo kwa pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita 100 za ujazo. Pima uzito, kausha kwenye tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, upime tena. Kila gramu iliyopotea ni asilimia moja. Kwenye mfinyanzi kiwango hiki hakina mpaka mkali, kwa sababu maji huendelea kuchuruzika polepole kwa siku nyingi.

Nyanya zangu, kama zinatumia milimita 5 kwa siku na sitaki zipite nusu ya akiba, kwenye tifutifu zina siku 9, kwenye kichanga 3. Mfinyanzi kwa hesabu hutoa siku 7, lakini mizizi yangu ilikuwa imekwama kwenye sentimita 40, na hapo akiba hushuka hadi milimita 52, yaani siku 5. Kwa hiyo chimba kwanza pembeni ya mashina yako ya mbugani uone mizizi imefika wapi, na kama nyufa zimeikata, kabla ya kupanga siku za kumwagilia.