Mama na mashine ya mlango wa mbele: sabuni kwanza, karatasi baadaye

"Wakuu, bi mkubwa ana miaka 71, nimemletea mashine ya kufua ya mlango wa mbele. Nataka nimwandikie hatua kwa herufi kubwa, niandikeje? Sabuni ya unga ya kawaida inafaa?"

Sabuni ya kawaida usimwekee! Mama yangu yuko Nyegezi, Mwanza, na aliyeniuzia mashine aliniangalia usoni akasema sabuni ni sabuni tu, hadi leo nikimkumbuka nachemka. Mama akamimina kikombe kizima, kipimo chake cha siku zote cha beseni. Baada ya robo saa kioo kimejaa povu jeupe, nguo hazionekani, povu linatokea kwenye droo ya sabuni mpaka kwenye mkeka. Akachomoa waya, akavuta mlango kwa nguvu zote na mshikio ukakatika. Nilipofika akanitolea kile kipande kwenye ncha ya kanga, kama mtu analipa deni. Fundi alinikamua laki na themanini, lakini kilichoniuma ni mama kukataa kuigusa mashine miezi miwili.

Mashine hizi zinatumia maji kidogo na zinazirusha nguo juu na chini, kwa hiyo sabuni ya mkono, iliyotengenezwa itoe povu, inaumuka tu humo ndani, nguo zinaelea kwenye povu badala ya kugongana, uchafu hautoki na zinatoka zinateleza. Na maji yetu ya ziwa ni laini, povu linakuja upesi. Nunua ile iliyoandikwa ni ya mashine ya mlango wa mbele, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Kijiko chenyewe kifunge kwa kamba kwenye kopo.

Karatasi sasa. Chukua manila na maka pen nyeusi, herufi urefu wa kidole gumba, amri moja kwa mstari, usiandike "programu" wala "mzunguko". Ya kwangu inasema: WEKA NGUO, ACHA NAFASI YA NGUMI JUU. FUNGA MLANGO MPAKA ULIE. VIJIKO 2, DROO YENYE II. ZUNGUSHA MPAKA NUKTA NYEKUNDU. BONYEZA NUKTA NYEKUNDU. Hizo nukta mbili nimezipaka kwa rangi ya kucha, vingine vyote avisahau.

Chini yake, herufi kubwa zaidi: MLANGO UKIGOMA HUJAHARIBU, MASHINE IKISIMAMA KAA DAKIKA TATU, KUFULI LITAACHIA. Maana hapo ndipo wazee wanapoogopa, wanadhani wameua kitu, kumbe kufuli linasubiri tu. POVU LIKIJAA, ZIMA, USIVUTE MLANGO, NIPIGIE. Ukifika acha nusu saa povu lishuke, kisha suuza na kamua bila sabuni, rudia mpaka kioo kiwe safi.

Na ile sabuni ya zamani itoe kabisa chumba chenye mashine, iweke uani karibu na beseni, maana mama yangu niliikuta mkononi mwake tena wiki ya pili, karatasi iko ukutani anaiona.