"Is no budget" na "it has a problem": tatizo linaanzia kwenye kuna

> Wakuu, nipo Kigoma, mradi wa maji. Kila Ijumaa natuma imeili ya maendeleo kwa bosi aliye nje ya nchi. Zinarudi zimepakwa rangi ya njano kwenye "is no budget" na "it has a problem". Juzi kaniuliza "What has a problem?" na mimi naona nimeshaeleza. Kosa liko wapi hasa, na nalikamata vipi kabla sijatuma?

Mkuu, kazi yangu Kasulu, na sasa hapo Kigoma mjini, imekuwa kupitia ripoti za mafundi na maofisa wa mradi kabla hazijaenda kwa mfadhili. Hayo mawili nayaona kila wiki. Chimbuko lake ni moja ila madhara hayafanani. "Is no budget" inakera macho tu. Msomaji anajua umeteleza, anaendelea. "It has a problem" ni Kiingereza safi kabisa, kompyuta haiipigii mstari mwekundu, na hapo ndipo inapoumiza watu.

Ofisa mmoja niliyefanya naye kazi alituma hii:

```
The new inverter arrived on Tuesday.
It has a problem in the store.
We will inform you on Monday.
```

Alichotaka kusema ni kwamba stoo kuna tatizo. Bati lilikuwa linavuja, wakahamishia vitu ofisini. Inveta yenyewe ilikuwa bado imo ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Mfadhili alivyosoma akaelewa inveta mpya ni mbovu, akamwandikia muuzaji Dar es Salaam kudai nyingine. Muuzaji akataka namba ya kifaa na picha ya hitilafu. Ofisa wetu anashangaa, hitilafu ipi tena? Na msomaji hakukosea hata kidogo. Katika Kiingereza "it" hukimbilia kitu kilichokuwa kinazungumzwa kwenye sentensi iliyotangulia, na kitu hicho kilikuwa inveta. Ilitakiwa iwe hivi:

```
The new inverter arrived on Tuesday and is safe in the office.
There is a leak in the store roof.
```

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake aandike "it has"? Itazame kuna yenyewe. Ni ku- ya mahali, ileile ya huku na kule, ikaungana na -na ya "kuwa na". Kwa hiyo unapotafsiri kichwani, unaona kitenzi cha kumiliki, unaandika "has". Kisha unatafuta nani anamiliki, humwoni, kwa sababu mmiliki ni ile ku-, yaani mahali. Unaweka "it" kuziba pengo. Wengine hawaweki kitu, na huko ndiko inakotoka "is no budget": hakuna ni neno moja lililojitosheleza, mwandishi haoni kama kuna kiti cha mbele kilichobaki wazi. Kiingereza hakikubali kiti hicho kibaki wazi, hata kama wa kukikalia ni "there" isiyoonyesha kitu chochote.

Wenzetu waliosoma Burundi au Kongo, na hapo Kigoma wapo wengi, wanasukumwa mara mbili, maana Kifaransa nacho hutumia kitenzi cha kumiliki mahali hapohapo. Kwa hiyo usishangae jirani yako wa meza akikuambia "it has" ni sahihi.

Njia ninayowapa watu ni hii. Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, halafu sikiliza kiambishi cha mwanzo cha kitenzi chake. Kikiwa cha mahali, yaani ku-, pa- au m- (kuna, pana, mna), Kiingereza chake kinaanza na "there" na kitenzi "be", na neno "have" halina nafasi hapo. Kikiwa cha ngeli ya kitu, mfano ina, lina, una, zina, yana, vina, basi kuna mwenye mali, na "has" au "have" ni halali, ila mtaje mwenye mali kwa jina lake. "Pampu ina tatizo" ni "The pump has a problem". "Kuna tatizo kwenye pampu" ni "There is a problem with the pump". Zote mbili nzuri. Kosa ni kuchukua nusu ya moja na nusu ya nyingine, ukapata "It has a problem of pump". Tahadhari ndogo: mna ina sura mbili. "Stoo mna mabomba" ni ya mahali, lakini "Nyinyi mna mabomba?" ni ya watu, na hiyo ni "Do you have pipes?"

Sasa tuchukue imeili ya mfano inayofanana na yako tuifumue:

```
Borehole 3: it has a problem of pump.
Is no budget for diesel this week.
In the store has 12 pipes but the fittings is not there.
On Thursday there will have a meeting with the village.
```

Mstari wa kwanza tumeshaumaliza: "There is a problem with the pump at Borehole 3." Ila kama unalijua tatizo, litaje. "The pump at Borehole 3 is not starting" inampa bosi kazi ya kufanya, wakati "problem" inampa kazi ya kukuuliza.

Mstari wa pili una shida mbili. Ya sarufi inatibika kwa kuweka "There" mbele. Ya maana imejificha ndani ya Kiswahili chetu cha ofisini, ambapo hakuna bajeti inabeba mambo mawili tofauti: kwamba dizeli haikuwahi kutengewa fungu, na kwamba fungu lilikuwepo likaisha. Kwa mfadhili hizi ni habari mbili zisizohusiana. Ya kwanza inamwambia mpango ulikuwa na upungufu, ya pili inamwambia matumizi yamekwenda haraka. "There is no budget for diesel" mara nyingi anaisoma kama ya kwanza. Kama ni ya pili, andika "The diesel budget has run out" au "There is no money left in the diesel budget". Nimeona swali refu kuhusu mipango likitumwa kwa watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kuacha "left".

Wa tatu: kwetu "stoo kuna mabomba 12", neno stoo limekaa mwanzoni kama bwana wa sentensi, ndiyo maana unalipa "has". Chagua moja. Ukibakiza "In", andika "In the store there are 12 pipes". Ukiipenda "has", iondoe "In": "The store has 12 pipes". Na "the fittings is not there" inatokana na havipo. Hapa hutangazi kitu kipya, unazungumzia viungo ambavyo bosi anajua viliagizwa, kwa hiyo "there" ya mwanzo haihitajiki. Lakini havipo vimeenda wapi? Vimeibwa, au havijafika? "The fittings have not arrived" inakata maneno.

Wa nne ndio unaowapata hata waliobobea. Kwenye kuna ile -na imejibana, lakini kwenye kutakuwa na, kulikuwa na, kumekuwa na, inasimama peke yake mchana kweupe, na mkono unaandika "have" au "with". Kiingereza kinaimeza yote ndani ya "be": "There will be a meeting", "There was a delay". Kwa kumekuwa na, "have" inaonekana, lakini ile ni ya wakati tu, na "been" lazima iwepo: "There has been a delay", "There have been two delays".

Hapo unaona "has" na "have" zinabadilika. Kuna yetu haijali idadi, kuna pampu moja, kuna pampu kumi, ni ileile. Kiingereza kinaangalia jina linalofuata. Kinachotuponza si kuhesabu, ni ngeli. Maji, mafuta na maendeleo kwetu yanachukua ya-, vifaa vinachukua vi-, kwa hiyo sikio linasikia wingi na mkono unaandika "there are no fuel", "there are equipments". Kwa Kiingereza "water", "fuel", "progress", "equipment" na "information" zote ni umoja usiohesabika: "There is no fuel", "There is equipment in the store". Andika hayo matano kwenye karatasi ubandike ukutani. Ukiwa na orodha mchanganyiko, valvu moja na mabomba sita, Waingereza wenyewe wanasitasita kati ya "is" na "are", kwa hiyo geuza: "The store has one valve and six pipes."

Usiogope pia kurudia. "There is a leak there" ni sawa kabisa; ya kwanza inashika kiti, ya pili ndiyo pale.

Kabla ya kutuma, iandike kwanza kwenye Word, bonyeza `Ctrl+F`, tafuta `it has`, kisha `it have`, `is no` na `will have`. Si kila utakachopata ni kosa. Kwa kila "it has" jiulize it ni nani. Ukipata jina, liandike badala ya "it", usipolipata, ni kuna. Kwa "is no", angalia kama kabla yake pana "There", maana "The pump is no longer working" haina tatizo. "Will have" iache kama kabla yake pana mtu au kitu: "We will have a meeting" ni sahihi, na mimi naipendelea kuliko "There will be" kwa sababu inasema nani ataitisha.

Kitu kimoja hujauliza lakini kitakufika tu. Bosi akiandika "Isn't there any fuel on site?" na mafuta hakuna, Kiswahili chetu kinajibu "Ndiyo, hakuna". Ukimwandikia "Yes" peke yake, ataelewa mafuta yapo. Kiingereza kinafuata ukweli wa jambo, hakimfuati muulizaji, kwa hiyo jibu ni "No, there isn't." Na akiuliza "Is there any progress?", usijibu "Yes, it is". Ni "Yes, there is", halafu mwambie umechimba mita ngapi.