Kabla hujamnunulia mtoto gitaa, weka kadi tatu za benki mfukoni

Juma lililopita dada mmoja wa Dodoma aliniandikia usiku: "Kaka, mwanangu ana miaka 14, anasoma bweni, anataka kujifunza muziki. Nina laki nne. Nimnunulie gitaa au kinanda? Baba yake anasema kinanda, gitaa ni la wahuni." Nilimjibu kwa kifupi asubuhi, lakini jibu lile halikunitosha mwenyewe, maana swali lake limenirudisha Morogoro, mwaka 1999, nikiwa kidato cha pili.

Marehemu baba alikuwa mpenzi wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, kama wazee wengi wa mji ule. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na gitaa. Nililala nalo usiku huo. Mwezi wa kwanza ncha za vidole ziliwaka moto, nikaambiwa nivumilie mpaka zitakapoota sugu. Zikaota. Kodi ya C, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ikatoka, ya G ikatoka kwa taabu. Kodi ya F, ambayo kidole cha shahada kinalala na kukandamiza nyuzi zote sita kwenye chumba cha kwanza, ile nafasi iliyo kabla ya chuma cha kwanza kati ya vyuma vilivyolazwa kukata shingo, haikutoka kabisa. Nilibonya mpaka mkono ukatetemeka, nyuzi mbili zikalia, nne zikanyamaza. Sikukuu ya Krismasi baba aliniita nipige mbele ya wageni. Nilishindwa. Akasema, "Huyu hakujaliwa," akalitundika gitaa ukutani. Neno lile nilitembea nalo miaka 11.

Mwaka 2010 nililipeleka kwa fundi, nia yangu nilisafishe niliuze. Hata kulipiga hakulipiga. Aliliinua kama mtu anayelenga bunduki, akatazama shingo kwa urefu wake, akaniuliza, "Nani kaweka nyuzi za chuma humu?" Akanionyesha. Kichwa cha gitaa langu kilikuwa na madirisha mawili, na kwenye daraja, kule chini nyuzi zinakofungiwa, kila uzi ulikuwa umefungwa fundo. Hilo ni gitaa la nyuzi za nailoni. La nyuzi za chuma kwa kawaida nyuzi zake hushikiliwa na vijiti sita vinavyochomekwa kwenye daraja. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi, na shingo ile haikutengenezwa kuhimili mvuto huo. Ilikuwa imepinda kwenda mbele, nyuzi zikanyanyuka juu ya vyuma vya shingo. Muuzaji alizifunga zile ili gitaa lilie kwa sauti kali dukani, na baba hakujua.

Fundi alizitoa, akaliacha gitaa lipumzike wiki nzima, akafunga nailoni. Shingo ilirudi, si yote. Kisha akachomoa kile kijiti cheupe cha kwenye daraja ambacho nyuzi hupita juu yake, akakisugua upande wa chini kwa msasa. Alinieleza kwamba ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye chuma cha 12 ukihesabu toka kichwani, unapunguza milimita 2 kwenye kijiti, kwa sababu chuma cha 12 kiko nusu ya njia. Akachimba kidogo na vijia vya nyuzi kule juu karibu na kichwa, maana vikiwa juu, F haitoki hata uzi ukiwa chini kwingine kote. Jioni ile, pale kibandani kwake, F ilitoka. Nyuzi zote sita. Nililia mbele ya mtu nisiyemfahamu, na sioni aibu kulisema.

Kwa uchungu ule, binti yangu alipofika miaka 13 sikumuuliza anataka nini. Nilinunua kinanda. Na kinanda kina raha yake: ukibonya sauti ni ile ile, haiponyoki, haihitaji sugu. Wiki ya kwanza alikuwa na kodi za C, F na G, vidole vitatu vitatu. Miezi mitatu anapigia kwaya ya vijana. Nilijigamba mtaani. Nisichokiona ni kwamba alikuwa anapiga kila wimbo kwenye C, funguo nyeupe tupu, na waimbaji wakitaka juu anabonya kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE, kinanda kinahamisha sauti chenyewe. Tulipoalikwa kwenye kanisa lenye piano ya mbao, ambayo haina kitufe, mwalimu wa kwaya akamwambia, "Tupe G." Mtoto alitazama vidole vyake. Aliniangalia kwa jicho ambalo nililijua, maana nililitoa mimi Krismasi ile.

Tulirudi nyumbani nikabandika utepe wa umeme juu ya kile kitufe. Wimbo mmoja wa solfa, rahisi, aliupiga kwenye C mpaka ukakaa, halafu do ikahamia G, ambako utakutana na ufunguo mmoja mweusi, F iliyopandishwa. Kisha do ikawa F, na mweusi wake mmoja, B iliyoshushwa. Ilimchukua likizo nzima. Leo anapiga do ikiwa mahali patano tofauti na sijui alipoutupa ule utepe.

Sasa, dada yangu wa Dodoma, na wazazi wenzangu mnaosoma. Msimchagulie mtoto chombo kwa uchungu wenu, wala kwa maneno ya wahuni. Tazameni atapigia wapi. Mtoto anayeshinda nyumbani, palipo na umeme, na kwaya inamsubiri, mpe kinanda chenye funguo 61, ambacho ukigonga kwa nguvu kinalia kwa nguvu na ukigusa taratibu kinalia taratibu. Jaribu hilo dukani kwa kidole kimoja. Kisichotofautisha kinamfundisha mtoto mkono mfu. Na adapta iwe ya kinanda chenyewe, kwa sababu ya kuokoteza, volti zikizidi au chanya na hasi zikigeuka, inakiua.

Mwanao yuko bweni. Kinanda kitahitaji soketi, meza na ulinzi, na atakigusa likizo tu. Gitaa linakaa kitandani kwake. Mnunulie gitaa la nyuzi za nailoni, lenye madirisha kichwani na mafundo kwenye daraja, lakini nenda na kadi tatu za benki. Kadi moja ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Zipange juu ya chuma cha 12, chini ya uzi mnene. Kwa nailoni, tatu zipite kwa urahisi, na nafasi inayobaki juu yake, ukiipima kwa macho, isitoshe kadi nyingine tatu. Ikitosha, lirudishe. Gitaa la nyuzi za chuma lisizidi tatu. Kisha bonya uzi kwenye chumba cha tatu, tazama chuma cha kwanza: kati yake na uzi pabaki nafasi ya unene wa karatasi. Mwisho piga uzi mtupu, halafu huo huo ukiwa umebonywa kwenye chuma cha 12. Iwe noti ile ile, ila ya pili ikilia juu zaidi. Zikigombana, hata mtoto mwenye kipaji atasikika hajui.

Bweni hawaruhusu simu, kwa hiyo ongeza kile kifaa kidogo cha kubana kichwani mwa gitaa kinachoonyesha noti, apatanishe nyuzi mwenyewe: E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene. Na nyuzi zikikatika, mwambie mtu wa duka neno moja tu: nailoni.

Jana dada ameniandikia tena. Anakwenda dukani Jumamosi. Ana kadi mbili, ya tatu anaazima kwa mumewe.