Barua ya manispaa Italia: Lei au Vi?

"Naandikia Ufficio Anagrafe, ofisi ya usajili wa wakazi, kuomba cheti cha makazi. Naanzaje, namalizaje, na Lei, ile "wewe" ya heshima, naiweka wapi?"

Dada, kuna kaka aliyekujibu utumie Lei kila mahali, kapatia nusu. Ofisi nzima huambiwa "Spett.le Ufficio Anagrafe," kisha "Vi chiedo un certificato di residenza", yaani nawaomba ninyi, maana ofisi ni watu wengi. Lei ni ya mtu mmoja unayemjua jina: "Gentile dott.ssa" na jina lake la ukoo.

Hapo kwenye Lei ndipo wengi huteleza, hata mimi miaka ya mwanzo. Lei hugeuka Le au La kufuata kitenzi: kuomba ni "Le chiedo", kushukuru ni "La ringrazio". Ukizibadilisha, kosa linaonekana papo hapo. Na La hiyo hiyo, ingawa ni umbo la kike, anaambiwa hata mwanamume. Usichanganye Vi na Le katika barua moja.

Baada ya mkato wa salamu, mstari mpya huanza na herufi ndogo. Kwa ofisi, malizia "In attesa di un Vostro riscontro, porgo distinti saluti", halafu jina na sahihi. "Cordiali saluti" pia inafaa, ina ukaribu kidogo; Waitalia wenyewe hawakubaliani ipi ni bora.