Mialo, kata na wilaya ndani ya jedwali moja

*"Wakuu, nina jedwali la mialo ya samaki Mwanza: mkoa, wilaya, kata, mwalo. Nataka jumla ya kilo kwa wilaya. Niweke mzazi_id, namba za kushoto/kulia, au njia kama '/1/4/17/'?"*

Njia, ila usiondoe mzazi_id. Jumla ya wilaya nambari 4 inakuwa rahisi:

```sql
SELECT SUM(kilo) FROM mialo
WHERE njia LIKE '/1/4/%';
```

Usisahau mkwaju kabla ya asilimia. Ukiandika `'/1/4%'`, wilaya nambari 40 nayo inaingia, na hakuna kosa litakalotokea. Utashangaa tu kilo zimezidi.

Gharama yake ni kuhamisha. Buchosa ilipomegwa kutoka Sengerema, mwenye mzazi_id angebadilisha safu za kata tu. Mwenye njia angegusa pia kila mwalo ulio chini yake. Kwa mialo mia kadhaa, si tatizo.

— *Kushoto/kulia ndiyo yenye kasi kuliko zote, kaka.*

Kusoma ina kasi, kweli. Lakini ingiza mwalo mmoja Ukerewe, uone: kila namba iliyo kulia kwake inasogezwa mbili. Wawili wakiingiza kwa pamoja bila kufunga jedwali, mti unaharibika kimyakimya.

— *Mimi nina ukoo wetu, mtoto ana baba na mama. Njia ipi?*

Huo si mti, dada. Tengeneza jedwali la pili la mzazi na mtoto.

— *Na `WITH RECURSIVE` juu ya mzazi_id je? Ngazi ni nne tu.*

Hapo umenibana. MySQL 8 inaiweza. Pima hiyo na njia, zote mbili.