Pima na kifundo, sio shina la kidole peke yake

Swali la wiki: "Nataka kuagiza pete na nyumbani nina uzi, karatasi na rula tu. Nipimeje isinibane wala isidondoke, na mbona watu wananiambia nisipime asubuhi kukiwa na baridi?"

Mi nimekaa miaka mingi kwa sonara, upande wa kupima vidole vya watu, kwa hiyo hili swali nimelipenda. Uzi uweke pembeni kwanza. Najua ndo kitu cha kwanza mtu anachokimbilia kwa sababu upo kila nyumba, shida ni kwamba uzi unadanganya kwa njia mbili na hizo njia haziendi upande mmoja. Uzi mwembamba wa kushonea ukiukaza kidogo tu unazama kwenye nyama, ukija kuunyoosha kwenye rula unapata namba ndogo kuliko kidole chenyewe. Ukichukua kamba nene ya kufungia vitu inafanya kinyume, manake unapoilaza kwenye rula hupimi ule upande wa ndani uliokuwa umegusa ngozi, unapima urefu wa katikati ya kamba, na kama kamba ina unene wa milimita 1 basi umeongeza karibu milimita 3 kwenye mzingo bila kujua. Na hizo 3 sio kidogo. Kwenye zile namba za Kimarekani ambazo wauzaji wengi wa mtandaoni wanazitumia, kutoka saizi moja kwenda nyingine ni kama milimita 2.5 tu ya mzingo. Yaani kamba peke yake imekurusha saizi nzima, na hapo bado hatujasema lolote kuhusu kuizungusha kwa mshazari, ambako kila mtu anafanya na ambako kunaongeza urefu pia.

Karatasi ndo ya kutumia, ile ya kawaida ya kuandikia au kuprintia. Haivutiki, haizami kwenye nyama, na wembamba wake unaongeza kama theluthi ya milimita tu, hiyo sahau. Kata ukanda ulionyooka wenye upana wa milimita 5 hivi, au upana sawa na wa pete unayoitaka kama unaujua, urefu sentimita 10 inatosha. Zungushia kwenye shina la kidole, pale pete itakapokaa, ikumbate ngozi bila kuibonyeza, halafu pale ncha inapopanda juu ya mwenzake weka alama kwa penseli iliyochongwa vizuri. Fungua, laza kwenye rula, na anzia kwenye mstari wa sifuri, sio kwenye ukingo wa rula, kwa sababu rula nyingi zina kanafasi kabla ya sifuri na hako kanafasi kanatosha kukuharibia kila kitu.

Sasa wengi wakifika hapa wanaishia, wanapeleka hiyo namba kwa muuzaji. Hapo ndo pete zinaporudishwa. Pete haifiki kwenye shina kwa miujiza, inapita kwenye kifundo, na nikisema kifundo simaanishi kile kinachotokeza ukikunja ngumi, namaanisha kile cha katikati ya kidole, kile chenye mikunjo ya ngozi kwa juu. Pima na hapo vilevile, kidole kikiwa kimelegea na ukanda upite sehemu iliyo nene kabisa. Utakuwa na namba mbili, na ule utofauti kati yake ndo unaokwambia una kidole cha aina gani.

Kama namba zinakaribiana kwa milimita 1 au chini, huna shida, fuata iliyo kubwa. Kama kifundo kimezidi kwa milimita 2 mpaka 4, saizi yako iko katikati ya hizo mbili na inaegemea upande wa kifundo, sababu ngozi ya pale inasukumika kidogo pete ikipita. Ikizidi hapo, mara nyingi kwa watu wenye vifundo vilivyovimba kwa baridi yabisi au waliofanya kazi ngumu za mikono kwa muda mrefu, hakuna saizi moja itakayoridhisha sehemu zote mbili, na itabidi sonara aingilie. Nitaeleza.

Kuhusu hali ya hewa. Watu wanadhani ni dhahabu inatanuka kwenye joto. Dhahabu inatanuka kweli, ila kwa pete ya mzingo wa milimita 54, joto likipanda nyuzi 20 inaongezeka kama milimita 0.015 tu, hakuna kidole duniani kitakachosikia hiyo. Kinachobadilika ni kidole. Kukiwa na joto mishipa midogo ya damu karibu na ngozi inafunguka ili mwili upoe, damu nyingi inakuja mkononi na maji kidogo yanavuja kwenye nyama, kidole kinajaa. Kukiwa na baridi mishipa inajifunga na kidole kinasinyaa. Kati ya mkono wa baridi na mkono wa joto mtu anaweza kuhama nusu saizi bila kuwa na ugonjwa wowote, wengine zaidi. Chumvi nyingi, ujauzito, siku za kabla ya hedhi, kutembea muda mrefu mikono ikining'inia, vyote vinasukuma upande wa kujaa. Wengine wanaamka na vidole vimejaa, kwa hiyo asubuhi nayo sio wakati wa kuuamini hata kama hakuna baridi.

Ila angalia kitu ambacho wanaosema "pima kwenye joto" huwa hawakigusi. Kinachojaa zaidi ni shina, kwa sababu pale kuna nyama. Kifundo ni mfupa na kano na ngozi, kinabadilika kidogo tu. Kwa hiyo baridi na joto haviwaumizi watu wote sawasawa. Mwenye kifundo kikubwa adui yake ni joto: baridi ikija pete itazunguka tu lakini haitoki, kifundo kimeweka mlango, wakati kwenye joto shina linajaa ndani ya pete na pete inaanza kukaba. Mwenye kidole kilichonyooka au kilichochongoka, ambaye kifundo chake ni sawa na shina au kidogo zaidi, adui yake ni baridi, kwa sababu hakuna kinachoizuia pete isipokuwa nyama ya shina, na nyama hiyo ikisinyaa pete inaondoka na maji ya kunawa mikono. Huyu ukimwambia apime mchana wa jua kali halafu aongeze "kidogo kwa usalama" umempotezea pete. Yeye apime mkono ukiwa na joto la kawaida, kisha arudie ukiwa baridi, na achague inayokaa hata kwenye baridi ilimradi kwenye joto bado inavulika.

Ngoja nitumie mfano wenye namba. Chukua dada mmoja ambaye kwenye ubaridi shina lake ni 52, mchana akiwa kwenye joto ni 54, na kifundo ni 57 mara zote mbili. Kwa Kimarekani saizi 6 ni mzingo wa 51.9, saizi 7 ni 54.4, saba na nusu ni 55.7, nane ni 57. Angepima shina tu kwenye ubaridi angeagiza 6, na hiyo isingepita kifundo hata kwa sabuni. Angechukua 7 kwa sababu inalingana na shina la mchana, labda ingepita kwa kulazimisha, na siku ya joto kali ingekuwa balaa: pete ikibana inazuia damu ya kurudi wakati ya kuingia bado inaingia, kidole kinavimba zaidi, na kadiri kinavyovimba ndo pete inavyozidi kubana. Saizi 8 inapita kama hakuna kitu na inachezacheza siku nzima. Kwa hiyo huyu ni wa saba na nusu.

Asiamini maneno yangu lakini, ajaribu. Akate ukanda mpya, aweke alama kwenye milimita 55.5 kwa kukadiria katikati ya mistari ya rula, afunge duara ncha ifike kwenye alama, na abandike selotepu kwa nje tu ili ndani pabaki laini. Avishe. Inatakiwa ipite kifundo kwa kusukuma na kuzungusha kidogo, na wakati wa kutoa ndo isumbue zaidi kuliko wakati wa kuvaa, hiyo ni dalili nzuri. Akikung'uta mkono chini isitoke. Tatizo moja la karatasi hapa ni kwamba inajikunja kufuata umbo la kifundo, ambacho ni bapa kiasi, wakati chuma kinabaki duara, kwa hiyo karatasi inapita kirahisi kuliko pete halisi. Kama duara la karatasi limepita kwa shida, panda nusu saizi.

Kwenye ubaridi pete yake ya 55.7 juu ya shina la 52 itakuwa na nafasi ya kama milimita 1.2 ukipima kwa kipenyo, itazunguka na kama ina jiwe litaangukia upande wa kiganja. Hapo ndo kazi ya sonara: anachomelea vidonge viwili vidogo vya dhahabu ndani ya pete upande wa chini, vinapita kifundo bila shida kubwa halafu vinaishikilia pete isizunguke. Ni kazi ndogo na inatolewa ukitaka. Ni bora kuliko kupunguza pete halafu ushindwe kuivua.

Kuna wanaopima pete ya zamani kwa rula, kipenyo cha ndani. Sio mbaya ila jicho likikosea nusu milimita hapo, kwenye mzingo kosa linakuwa zaidi ya milimita 1.5, hiyo ni zaidi ya nusu saizi. Ukanda wa karatasi ukikosea nusu milimita ni nusu milimita basi. Pia hakikisha ile pete ulikuwa unaivaa kidole hichohicho cha mkono huohuo, kwa wengi mkono wanaoutumia zaidi una vidole vinene kidogo.

Ukimwandikia muuzaji usitume namba tupu. Andika "mzingo wa ndani milimita 55.7, kipenyo 17.7", kwa sababu wengine jedwali lao ni la mzingo, wengine kipenyo, wengine namba za Kimarekani na wengine herufi za Kiingereza. Kupata kipenyo gawa mzingo kwa 3.14. Na kama pete yenyewe ni pana, kuanzia milimita 6 hivi kwenda juu, mwambie upana huo na uongeze nusu saizi, pete pana inashika ngozi nyingi na inabana kuliko nyembamba ya saizi ileile.