Ripoti moja, wasomaji watatu: usibadilishe kipimo

SWALI: Nina ripoti ya robo mwaka ya mikopo, kurasa 22. Bosi anataka matoleo matatu: la bodi, la wafanyakazi na la wateja. Nimeanza kupunguza lile la bodi ili nipate mengine. Kwa wateja niweke namba zipi wasiogope?

JIBU: Acha kupunguza. Na hilo la "wasiogope" ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu naliona kila robo mwaka.

Tuchukue mfano. Kampuni imekopesha watu 1,200, na wanadaiwa shilingi bilioni 2. Waliochelewa zaidi ya siku 30 ni 48, lakini salio la mikopo yao ni milioni 180. Kwa idadi ya watu, hiyo ni asilimia 4. Kwa fedha, ni asilimia 9, maana waliokwama ndio waliokopa nyingi. Mwandishi anaipa bodi ile 9, kisha anawaambia wateja "asilimia 96 wanalipa kwa wakati". Hata aliyechelewa siku 20 kahesabiwa humo kuwa analipa kwa wakati! Nimeshuhudia picha ya ukurasa wa bodi ikifika kwenye kundi la wateja, na kwa wiki nzima maofisa wa mikopo hawakuulizwa kingine ila nani anadanganya.

Kwa hiyo anza na karatasi moja ya namba. Kila namba iandikiwe tarehe ya hesabu, imegawanywa kwa idadi ya watu au kwa fedha, na kilichohesabiwa: salio lote la mkopo uliochelewa, au rejesho lililopita bila kulipwa tu. Matoleo yote matatu yachote humo. Ukitaja asilimia 9 kwa bodi, itaje vilevile kwa wengine. Ile 4 unaweza kuitaja pia, mradi useme ni ya idadi ya watu.

Kinachobadilika ni kile msomaji atakachofanya baada ya kusoma, nacho kikae kwenye sentensi ya kwanza. Bodi inaombwa uamuzi: mikopo ya zaidi ya milioni 5 idai mdhamini wa pili? Wafanyakazi wanahitaji utaratibu: rejesho likipita, mteja atembelewe ndani ya siku tatu, na nani aende. Mteja anataka kujua ombi lake la mkopo litaguswaje, na kuanzia lini. Orodha ya wadaiwa haimhusu kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na bado naletewa rasimu za wateja zenye majina ya wadaiwa kwenye kiambatisho kilichosahaulika.

Wako wanaouza violezo vya "ripoti tatu kwa saa moja". Nimevifungua kadhaa. Vinabadilisha rangi, salamu na urefu, na toleo la wateja halina hata sehemu ya kuandika tarehe ya hesabu. Kabla hujatuma, mpe mtu asiyehusika toleo la bodi na la wateja, umuulize mikopo iliyochelewa ni kiasi gani. Akikupa majibu mawili, rudi kwenye ile karatasi ya namba, hata kama bosi anasubiri mlangoni.